Kabla simu haijapotea: hakikisha picha zimepanda

Ndugu zangu, simu ikiingia maji tunakimbilia kwa fundi na kumwambia, "Simu basi, nitolee picha tu." Zamani ombi hilo lilikuwa na jibu: fundi aling'oa chipu ya kumbukumbu na kuisoma kwa mashine yake. Simu za siku hizi huhifadhi picha kwa fumbo, na ufunguo wa fumbo hilo umefungwa kwenye prosesa ya simu hiyohiyo. Ubao ukiungua, chipu inaweza kutoka nzima na bado isifunguke popote. Kinga iliyowekwa dhidi ya mwizi inakufungia nje hata wewe mwenyewe. Kadi ya memori nayo haisaidii sana, kwa sababu simu ikiibwa inaondoka nayo. Ndiyo maana tunataka nakala iliyo kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni unazozifikia kwa intaneti, na iwe imepanda kabla ya ajali.

Wengi hapa mna simu za Android, basi nitasemea Google Photos. Wenye iPhone, zenu hupanda iCloud, ambako nafasi ya bure ni GB 5.

Fungua programu, gusa duara la wasifu lililo juu upande wa kulia, kisha usome barua pepe iliyoandikwa pale. Ni yako? Watu wengi walifunguliwa akaunti na muuzaji siku ya kununua simu, na nywila hawajawahi kuijua. Picha zinapanda vizuri kila siku, ila zinapanda mahali ambapo simu ikipotea hutaweza kuingia. Hapohapo utaona hali ya nakala. Ukikuta `Backup complete`, zimefika. Ukikuta idadi ya picha zilizobaki, bado zinasubiri, mara nyingi kwa sababu kwa kawaida programu hungoja waifai ili isimalize bando lako.

Neno hilo la kukamilika lina mpaka wake. Linahusu picha za kamera na folda ulizoziruhusu tu. Picha za watoto ulizotumiwa kwa WhatsApp ziko kwenye folda nyingine, nayo haipandi mpaka uiwashe kwenye `Back up device folders`.

Sasa nafasi. Google wanatoa GB 15 bure, lakini tangu Juni 2021 picha zinagawana nafasi hiyo na barua pepe na mafaili yako. Tuchukue mtu mwenye picha 3,000 za MB 3 kila moja: hizo ni GB 9, zinaenea. Kwa mtandao unaopandisha megabiti 2 kwa sekunde, kazi hiyo inachukua takriban saa 10, kwa hiyo iache simu kwenye chaji na waifai usiku kucha. Kinachomaliza nafasi upesi ni video. Na nafasi ikijaa, picha mpya haziendi tena; usipofungua programu unaweza usijue.

Hapa ndipo watu wanapolia, kwa hiyo nisikilizeni. Nakala hii imeunganishwa na simu. Ukifuta picha ndani ya Google Photos ili simu ipumue, umeifuta na kule juu. Inakaa kwenye pipa la taka siku 60 kama ilikuwa imepanda, kisha inaondoka moja kwa moja. Unapotaka nafasi kwenye simu, tumia `Free up space`: hiyo huondoa ya simuni peke yake, tena zile zilizokwisha kupanda. Kwa picha za harusi au za marehemu mzazi, mimi singetegemea wingu peke yake; ningeziweka na kwenye kompyuta au diski.

Limebaki la kuingia. Simu imeibwa, umeazima ya jirani, umeandika nywila sawasawa, halafu unaambiwa msimbo umetumwa kwenye laini yako, ambayo iko kwa mwizi. Kama umewasha uthibitishaji wa hatua mbili, kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti kuna `Backup codes`, misimbo ya akiba ambayo kila mmoja hutumika mara moja. Iandike kwenye karatasi, uiweke nyumbani. Ukiipiga picha itabaki ndani ya simu unayoiogopea.

Kabla hatujatawanyika, kaeni wawiliwawili. Kwenye simu ya mwenzako fungua dirisha la faragha la kivinjari, andika `photos.google.com`, uingie kwa akaunti yako huku simu yako ikiwa mfukoni. Atakayeombwa msimbo atumie ule wa karatasini. Tafuta picha uliyopiga juzi, kisha ujiondoe na kulifunga dirisha. Atakayekwama aje hapa mbele.