Kutafuta wanafunzi wa tuisheni kwa video ya sekunde 90: mfano wa hesabu za sehemu, Gredi ya 6

Likizo ikikaribia, simu za wazazi hapa Nakuru hujaa matangazo ya aina moja: masomo yote, gredi zote, bei nafuu. Mzazi hayasomi kwa sababu hayamhusu mtoto wake. Ripoti ya shule imemwambia kwamba mtoto "anakaribia matarajio" katika Hisabati, na hajui ni wapi hasa anapokwama. Ukimwonyesha mahali penyewe, atakusikiliza.

Mimi hufundisha Hisabati, nyumbani kwa wanafunzi wa Section 58 na Lanet, na kwa Google Meet kwa walio mbali. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kujumlisha sehemu zenye namba tofauti za chini.

Hatua ya 1: Chagua kosa, usichague mada

"Sehemu" ni mada. Kosa ni hili: mtoto anapewa 2/3 + 1/4, anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, anaandika 3/7. Ukipekua madaftari ya Gredi ya 5 na ya 6 hutakosa kuliona. Kosa linalofaa ni lile ambalo mzazi anaweza kulitambua kwa macho yake akifungua daftari jioni, hata kama yeye mwenyewe aliacha Hisabati zamani.

Hatua ya 2: Rekodi video

Panga vitabu mezani mpaka urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Laza simu juu yake, kamera ikichungulia nje ya ukingo, kisha weka kitabu kingine juu ya simu isidondoke. Kaa karibu na dirisha. Ukiandika kwa mkono wa kulia, dirisha liwe kushoto, la sivyo kivuli cha mkono kitafunika hesabu. Tumia kalamu ya wino mzito na daftari la miraba. Rekodi asubuhi, kwa maana mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati hutasikika. Uso wako si lazima uonekane. Mikono na karatasi vinatosha.

Sekunde 20 za kwanza, andika 2/3 + 1/4 = 3/7 na useme: "Mtoto wako akiandika hivi, mwulize swali moja. 3/7 ni zaidi ya nusu au haifiki nusu?" Haifiki. Lakini 2/3 peke yake imeshapita nusu. Tumeongeza kitu, na jibu likapungua! Hapo hata mzazi aliyekuwa anapika atasimama atazame.

Kisha chora mstatili wa safu 3 za kulala na safu 4 za kusimama. Hiyo ni miraba 12. 2/3 ni safu mbili za kulala, yaani miraba 8. 1/4 ni safu moja ya kusimama, yaani miraba 3. Chora mstatili wa pili kwa ajili ya hiyo 1/4, maana ukizipaka rangi kwenye mstatili mmoja zitapandana na hesabu itaharibika. 8/12 + 3/12 = 11/12.

Sekunde kumi za mwisho: "Mpe afanye 1/2 + 1/3 bila kumsaidia. Nitumie picha ya alivyofanya, nitakwambia anakwama wapi." Usitaje bei hapa. Unaomba picha tu, na picha haimgharimu mzazi kitu.

Hatua ya 3: Itume panapofaa

Kwenye WhatsApp, Status yako huonekana tu na mtu uliyehifadhi namba yake naye akahifadhi yako, na hutoweka baada ya saa 24. Kwa hiyo mtumie moja kwa moja mzazi unayemfahamu, umwombe ampelekee mwenzake mwenye mtoto wa gredi hiyo. Kwenye kundi la wazazi wa darasa, omba ruhusa ya msimamizi kwanza. Na kama umeajiriwa shuleni, usiwatafute wanafunzi wa darasa lako mwenyewe: mzazi ataona unamfundisha nusu darasani ili alipie nusu ya pili.

Hatua ya 4: Soma jibu kabla ya kujibu

Hapa ndipo kazi inapopatikana, na ndipo walimu wengi wanapoharakisha. Jibu sahihi ni 5/6, lakini majibu yasiyo sahihi yana maana tofauti. Aliyeandika 2/5 bado anajumlisha juu na chini. Aliyeandika 2/6 amejua namba ya chini ni 6 ila amesahau kubadilisha za juu. Huyu amebakiza kidogo. Aliyeandika 1/6 amezidisha, amechanganya kanuni mbili. Mjibu mzazi siku hiyohiyo, kwa mfano:

"Habari ya jioni, mama. Nimeona kazi yake. Kupata 6 chini amefanya vizuri. Hajabadilisha namba za juu, ndiyo maana amepata 2/6. Tukikaa naye dakika 25 kwenye Meet nitamwonyesha, hakuna malipo. Jumamosi saa nne asubuhi itawafaa?"

Aliyepata 5/6, mwambie mzazi wazi kwamba hapa mtoto yuko sawa. Usimtafutie ugonjwa. Mzazi huyo ndiye atakayekupeleka kwa wengine.

Hatua ya 5: Kipindi cha majaribio

Anza na maswali matano mafupi, fundisha, kisha dakika tano za mwisho mwite mzazi aketi kando ya mtoto. Wewe nyamaza. Mtoto amweleze mzazi kwa nini 3/7 haiwezekani. Mzazi akikosa dakika hizo tano atauliza tu, "Mmesoma?" na mtoto atajibu "Ndio", basi. Baada ya hapo ndipo utaje bei ya kipindi, idadi ya vipindi unavyopendekeza, na namba ya kulipia kwa M-Pesa.

Hatua ya 6: Toa matokeo yanayoweza kukaguliwa

Andaa majaribio matatu ya maswali kumi, ugumu uleule, namba tofauti. La kwanza kabla ya kuanza, la pili baada ya vipindi vinne, la tatu wiki mbili baadaye bila marudio. Ukirudia maswali yaleyale utakuwa unapima kumbukumbu. Ripoti iwe hivi:

"Kabla: 3 kati ya 10. Baada ya vipindi 4: 8. Wiki mbili baadaye: 7. Anajumlisha sehemu za kawaida bila shida. Bado anakosea namba mchanganyiko kama 1 1/2 + 2/3."

Usiifiche ile 7, wala usiigeuze kuwa asilimia ya kutisha. Usiahidi alama za KPSEA, kwa kuwa hukupima hilo. Umepima stadi moja.

Ukitaka kuwaonyesha wazazi wengine karatasi za kabla na baada, pata idhini ya mzazi kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Hata ukipewa, funika jina na shule.

Ukikwama, angalia ni wapi

Video inatazamwa lakini hakuna picha zinazokuja: swali la mwisho halisikiki, au limekuja baada ya dakika mbili za maelezo. Picha zinakuja ila hakuna anayekubali kipindi: unachelewa kujibu, au jibu lako halitaji alichoandika mtoto. Vipindi vya majaribio vinafanyika na malipo hayafuati: angalia kama mzazi alikuwepo zile dakika tano. Hizo picha za majibu zihifadhi. Kosa linalojirudia zaidi humo ndilo la video inayofuata.