Barua ya kutodai unapohama kampuni ya bima, na faili la zamani linaloweza kukukwamisha

Mwezi Mei alirudi ofisini kwetu hapa Arusha mwalimu mmoja wa Sakina, barua tuliyomsaidia kuiomba ikiwa mkononi, uso umemvimba kwa hasira. Alikuwa anahamisha bima ya gari lake kwenda kampuni nyingine. Miaka mitatu mfululizo hajalipwa hata shilingi na kampuni yake ya zamani, lakini barua aliyoandikiwa ilikuwa na mstari huu: "Dai 1, halijafungwa." Kampuni mpya ikamwambia punguzo hapati. Tumeshughulika naye karibu mwezi mzima, na karibu kila kosa ambalo watu hufanya kwenye jambo hili lilijitokeza humo. Kwa hiyo somo la leo nalijenga juu ya kisa chake, kwa ruhusa yake.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Ukiwa na bima kubwa na mwaka ukaisha bila kampuni kulipa dai lako, mwaka unaofuata unakatiwa asilimia fulani ya ada. Hilo ndilo punguzo la kutodai, ambalo watu wa kaunta wanaliita "noklemu". Linakua mwaka hadi mwaka mpaka kikomo cha kampuni. Rekodi yake ni ya mtu aliyeandikwa kwenye hati, si ya bati la gari. Ukiuza gari, rekodi unabaki nayo wewe, aliyenunua haipati.

Tatizo ni kwamba rekodi hiyo imelala kwenye mafaili ya kampuni ya zamani. Kampuni mpya haiwezi kuichungulia. Ukiingia tiramis.tira.go.tz ukahakiki stika, utaona kama bima iko hai na ni ya kampuni gani, lakini hutaona kama mwenye gari amewahi kudai. Ndiyo maana wanataka barua.

Hatua ya 1: Hama mwaka unapoisha, usihame katikati

Mwaka wa kutodai unahesabiwa ukitimia miezi 12. Ukivunja hati mwezi wa nane kwa sababu umepata bei nzuri kwingine, ile miezi minane haikuongezei kitu kwenye rekodi. Watu wengi hufurahia ada mpya wakasahau kwamba wametupa mwaka mzima uliokaribia kuiva.

Hatua ya 2: Omba barua mwezi mmoja kabla, tena kwa maandishi

Hati ya mwalimu ilikuwa inaisha 31 Mei. Aliomba barua 28 Aprili, na hapo alifanya vizuri. Kosa lake ni kuomba kwa simu kwa wakala aliyemuuzia bima. Wakala akamtumia ujumbe wa WhatsApp: "Dada huna dai lolote, wape hii." Kampuni mpya haikuugusa. Barua lazima itoke kwenye kampuni ya bima yenyewe, si kwa wakala, si kwa sisi madalali, wala si kwa benki uliyokatia bima hapo dirishani. Sisi tunaweza kukuombea, lakini sahihi na mhuri ni vya kampuni.

Tulimwandikia ombi fupi namna hii:

"Naomba barua ya kuthibitisha rekodi yangu ya madai kwa hati namba ..., gari namba T ..., tangu siku nilipoanza bima kwenu hadi leo. Naomba ioneshe aina ya bima, vipindi vyote, madai yote yaliyolipwa, yaliyokataliwa na yaliyo wazi, pamoja na asilimia ya punguzo niliyofikia na idadi ya miaka."

Lipeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Ukituma kwa baruapepe, tuma kwenye anwani ya ofisi, si ya mtu binafsi.

Hatua ya 3: Isome barua kabla ya kuipeleka popote

Hapa ndipo penye kazi. Angalia jina lako liwe kama lilivyo kwenye hati na kadi ya gari. Angalia namba ya gari na ya chasisi. Angalia tarehe za kila kipindi zifuatane bila pengo. Kisha angalia kama wameandika asilimia peke yake. Kila kampuni ina ngazi zake: asilimia 20 ya hawa inaweza kuwa mwaka wa pili, kwa wengine ikawa wa tatu. Barua yenye miaka na asilimia inamwezesha mtu wa kampuni mpya kukuweka kwenye ngazi yake bila kubahatisha, na akibahatisha, hakadirii kwa faida yako.

Barua ya mwalimu ilifika 12 Mei. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa ule mstari wa dai.

Hatua ya 4: Kama kuna dai usilolitambua, fuatilia faili

Tulipouliza, tuliambiwa kuna faili la Oktoba. Mwalimu akakumbuka: bodaboda ilimgonga pale sokoni Kilombero, kioo cha pembeni kikavunjika na mlango ukabonyea. Aliitaarifu kampuni siku ileile, kama hati inavyomtaka. Baadaye akaenda kwa fundi Unga Limited, akatengenezewa kwa shilingi 180,000, maisha yakaendelea.

Hakujua kwamba taarifa yake ilifungua faili, na mtu wa madai akatenga humo makadirio ya shilingi 600,000. Kwenye kompyuta ya kampuni, faili lenye makadirio ni dai, hata kama hakuna aliyelipwa. Tena, kwenye hati yake kiasi anachojibebea mwenyewe kwa kila ajali ni shilingi 200,000. Maana yake, hata angedai, kwa uharibifu wa 180,000 asingepewa kitu. Faili lilikuwa tupu, ila lilikuwa wazi.

Dawa yake ni barua ya kuondoa dai. Aliandika kwamba uharibifu wa gari lake aliutengeneza kwa fedha yake, haombi malipo, na anaomba faili lifungwe bila malipo. Aliambatisha risiti ya fundi. Tahadhari moja hapa: aliondoa madai ya gari *lake* tu. Kama yule wa bodaboda angekuwa ameumia, au ana shauri polisi, kufunga faili lote kungekuwa hatari, kwa sababu akija kudai fidia baadaye, mwalimu angehitaji kampuni isimame naye. Katika kisa hiki kijana hakuumia na hakukuwa na shauri lolote.

Faili lilifungwa, na barua mpya ikatoka 22 Mei ikisema: taarifa moja, imefungwa, malipo sifuri. Hiyo kampuni mpya iliikubali.

Hatua ya 5: Peleka barua halisi, na ujaze fomu kwa ukweli

Barua iliyoandikwa 22 Mei haithibitishi siku zilizobaki hadi 31. Kwa hizo, kampuni mpya hukutaka utie sahihi tamko kwamba hakuna ajali iliyotokea. Ukigonga tarehe 27, sema. Bima inasimama juu ya kusema kweli, na tamko la uongo linaweza kuifanya kampuni ikatae kukulipa siku utakapoihitaji kweli.

Hesabu ya mwalimu ilikuwa hivi. Gari lina thamani ya shilingi 20,000,000 na kampuni mpya ilimpa kiwango cha asilimia 5, yaani 1,000,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 1,180,000. Kwa barua, alipata punguzo la asilimia 20: ada ikashuka hadi 800,000, na VAT juu yake ikafika 944,000. Tofauti ni 236,000, zaidi ya gharama ya fundi.

Barua ikichelewa na hati inaisha kesho, usikae bila bima ukiisubiri. Lipa ada kamili, lakini kabla ya kulipa pata maandishi ya kampuni mpya kwamba ukileta barua ndani ya siku kadhaa watatoa endosimenti, yaani karatasi ya kurekebisha hati, na kurudisha tofauti. Ahadi ya mdomo ya kaunta, mhusika akihamishiwa Dodoma, imehama naye.

Maswali ya wanachama

Dereva wa Usa River: Shikamoo dada. Mimi nina bima ndogo miaka sita, sijawahi kugonga mtu. Nikihamia bima kubwa, miaka hiyo nahesabiwa?

Marahaba. Kwa kawaida hapana. Punguzo hili hujengwa kwenye bima kubwa. Lakini omba barua hata hivyo. Mtu wa kampuni mpya akiona miaka sita bila dai, ana sababu ya kukupa kiwango kizuri zaidi, ingawa hataliita punguzo la kutodai.

Kaka wa Pasua, Moshi: Nina magari mawili. Naweza kutumia barua moja kwa yote?

Hapana, kaka. Kila hati ina rekodi yake, na rekodi moja inatumika kwa gari moja kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu wengine wanakataa fotokopi, au wanaiandikia kampuni ya zamani kuuliza.

Mama wa Njiro: Mimi niligongwa nyuma nimesimama kwenye taa, kosa si langu, polisi waliandika hivyo. Kwa nini nipoteze punguzo?

Mama, punguzo linaitwa la kutodai, si la kutokosa. Kampuni yako ikikulipa, ni dai, mpaka itakaporudishiwa fedha hizo na kampuni ya aliyekugonga. Ikisharudishiwa zote, andika uombe rekodi irekebishwe, maana mara nyingi haijirekebishi yenyewe. Njia nyingine ni kudai moja kwa moja kwenye bima ya aliyekugonga ukiwa na karatasi za polisi. Inachukua muda, lakini rekodi yako haiguswi.

Kaka wa Pasua, Moshi: Samahani nirudi tena. Gari niliuza mwaka jana mwezi wa pili, nimenunua jingine sasa hivi. Rekodi imekufa?

Inategemea umekaa muda gani bila bima. Kikomo unachokutana nacho zaidi katika biashara hii ni miaka miwili, lakini uliza kampuni unayoiendea kabla ya kuhangaika na barua. Ongeza na nakala ya mkataba wa mauzo, ili pengo la tarehe lijieleze.

Mzee wa Majengo, Moshi: Nimeomba barua wiki ya tano sasa, kila nikienda naambiwa meneja hayupo.

Shikamoo mzee wangu. Acha kwenda, andika. Taja tarehe ya ombi la kwanza, ambatisha nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na uwape siku saba. Zikipita, chukua karatasi hizo uende TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, ofisi ya Kanda ya Kaskazini, iko hapa Arusha. Kama nakala yenye muhuri huna, anza na kuipata hiyo kesho asubuhi.