SOMO: Jinsi ya kutengeneza na kucheza mchezo wa Uru, na nini hasa kinajulikana kuhusu kamari na ramli zake (soma yote kabla hujauliza)

Wakuu habari zenu. Kila nikiweka picha ya ule ubao wenye maua naulizwa maswali yaleyale matatu: unachezwaje, ilikuwa kamari au uchawi, na je hizo sheria kweli zina miaka 4,500. Nimechoka kujibu mmojammoja inboksi, kwahiyo leo naandika mara moja na kuanzia sasa nitakuwa naelekeza watu hapa.

Kwanza, umetoka wapi. Uru ni mji wa kale kusini mwa Iraki. Leonard Woolley alichimba pale kuanzia 1922 hadi 1934, na kwenye makaburi ya kifalme, ya kama 2600 hadi 2400 KK, akakuta mbao kadhaa za mchezo huu. Mti wenyewe ulikuwa umeshaoza. Kilichobaki ni vipande vya kombe, chokaa nyekundu na lile jiwe la bluu linalotoka milima ya Afghanistan, vilivyokuwa vimegandishwa kwa lami, na kwa kufuata vipande vilivyolala ndo umbo la ubao likajulikana. Uliokamilika zaidi upo London kwenye jumba la makumbusho la Uingereza.

HATUA YA 1. Chora ubao. Safu 3, kila safu nafasi 8, alafu kwenye safu mbili za pembeni futa nafasi ya 5 na ya 6. Zinabaki nafasi 20: fungu kubwa la 12, daraja la 2, fungu dogo la 6.

HATUA YA 2. Chora maua matano. Safu za pembeni weka ua kwenye nafasi ya 1 na ya 7. Safu ya kati weka kwenye nafasi ya 4.

HATUA YA 3. Kete 7 kwa kila mchezaji, rangi mbili tofauti. Vizibo vya soda vinatosha.

HATUA YA 4. Dadu. Za Uru zilikuwa vipiramidi vyenye ncha nne, ncha mbili zimewekwa alama. Ukirusha, ncha ya juu ikiwa na alama ni 1, isipokuwa nayo ni 0, tunatumia nne. Huna? Chukua sarafu nne, kichwa ni 1, upande wa pili ni 0. Hesabu ni ileile kabisa kwa sababu kote ni nusu kwa nusu.

HATUA YA 5. Njia. Hapa naomba utulivu maana ndipo mchezo unapoharibika, hata sisi nyumbani ndipo ulipotuvuruga mwanzoni. Kete haianzii kwenye kona. Inaingia nafasi ya 4 ya safu yako ya pembeni, inarudi 3, 2, mpaka 1 kwenye ua, ndo inakata kwenda safu ya kati na kutembea nafasi zote 8 mpaka mwisho, inakata tena kurudi safu yako nafasi ya 8, kisha ya 7 ambayo ni ua, inatoka. Jumla hatua 14: nne kwako peke yako, nane za kugombania, mbili kwako tena. Ukiingilia kwenye kona, ua la kwanza unalipata kwa hatua moja na mchezo unakosa maana, kila mtu anarusha tu mara mbilimbili. ANGALIA pia: maua yakiwa sahihi lazima yaangukie hatua ya 4, ya 8 na ya 14. Hesabu kwa kidole kabla hamjaanza. Yasipoangukia hapo umechora vibaya, usiendelee.

HATUA YA 6. Kanuni. Ukikanyaga ua unarusha tena. Ukimkuta mwenzako safu ya kati anatoka nje anaanza upya, isipokuwa akiwa juu ya ua la kati, pale hagusiki. Ukipata 0 unapisha. Kutoka lazima ipatikane namba kamili. Wa kwanza kutoa kete zote 7 ameshinda.

Ukitaka kujua ujanja uko wapi, hesabu dadu. Sarafu nne zina matokeo 16: 0 inakuja mara 1, moja mara 4, mbili mara 6, tatu mara 4, nne mara 1. Sasa tuseme adui yupo kwenye ua la kati, hatua ya 8, na kete yako ipo hatua ya 10. Anahitaji 2, yaani nafasi 6 kati ya 16 za kukutoa. Ungekuwa hatua ya 12 angehitaji 4, nafasi 1 tu kati ya 16. Kwahiyo kuvuka ua la kati kwa hatua mbili ni kujitoa mhanga, vuka kwa nne au kaa nyuma usubiri. Mtu akikwambia mchezo huu ni bahati tupu hajawahi kuucheza na mtu anayehesabu.

HATUA YA 7, ambayo watu wanairuka alafu wanakuja kubishana. Sheria hizi hazikukutwa kaburini. Kaburini kulikuwa na ubao, kete na dadu, maandishi ya mchezo hakuna. Sheria zinatoka kwenye kibao cha udongo cha Babeli, maandishi ya kikabari, kilichoandikwa mwaka 177 au 176 KK na mwandishi aitwaye Itti-Marduk-balatu, na aliyekisoma na kukielewa ni Irving Finkel wa jumba hilohilo la London. Kati ya makaburi na kibao imepita zaidi ya miaka 2,000! Na umbo la ubao lilishabadilika, lile fungu dogo la 6 lilinyooshwa likawa mkia, yaani 12 mbele na 8 zimepangana mstari mmoja. Kwahiyo tunachocheza leo ni sheria za baadae zilizorahisishwa na kurudishwa kwenye ubao wa zamani. Ni makisio yenye msingi, ila ni makisio, usimwambie mtu kwamba hivi ndo malkia wa Uru alivyocheza.

Na kibao chenyewe ndo utamu ulipo. Kinasema kete tano, kila moja ni ndege: mbayuwayu, ndege wa dhoruba, kunguru, jogoo, tai. Dadu ni mifupa ya kifundo cha mguu, mmoja wa kondoo na mmoja wa ng'ombe. Kila ndege ana namba yake ya kuingilia, na akitua kwenye ua kuna kupata, akikosa kuna kupoteza. Hapo ni kamari waziwazi. Lakini sentensi zenyewe zimeandikwa kama utabiri, wa mbayuwayu unahusu watu wanaokaa kilabuni na kama mwanamke atawapenda au atawakataa, wengine mambo ya chakula na bia. Geuza upande wa pili unakuta mchoro wenye buruji 12 za nyota na maneno ya bahati, utapata rafiki, utakuwa na nguvu kama simba. Mtu yuleyule, udongo uleule. Ndo maana swali la "kamari au ramli" nalikataa. Kwa hawa Wababeli wa 177 KK kurusha mfupa kulikuwa kunauliza vyote viwili, nani anachukua kilichowekwa katikati, na bahati ya leo imelalia wapi.

Maswali karibuni.

---

Kipanga wa Pwani: Mkuu kete ni ngapi na zinaanzia wapi?

Mwandishi: Hatua ya 3 na ya 5.

Kipanga wa Pwani: Naona maandishi mengi, ungefupisha tu

Mwandishi: Hatua ya 3 ni mstari mmoja ndugu yangu.

Bi Mwanaidi: Asante kaka kwa somo. Mimi kinachonitatiza, kama ubao umekutwa kaburini, si tayari ni dalili ya ibada? Mtu anazikwa na kitu cha dini yake.

Mwandishi: Dada hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Kwenye makaburi yale ya Uru walizika na vinubi, vyombo vya kunywea, silaha, mapambo, na hata watumishi waliouawa ili wamfuate bwana wao. Yaani walizika maisha yote ya mtu. Kwahiyo ubao pale unatuambia mwenye nao alikuwa mkubwa na alitegemea kuendelea kuishi kama alivyozoea, haujatuambia kwamba mchezo wenyewe ulikuwa ibada. Linganisha na Misri. Kule kuna mchezo mwingine, seneti, nafasi 30, na maandishi yao ya mazishi, sura ya 17 ya Kitabu cha Wafu, yanamtaja kabisa marehemu akicheza seneti. Malkia Nefertari amechorwa kaburini kwake amekaa mbele ya ubao. Pale una maneno na picha, unaweza kusema ni safari ya roho. Uru huna.

Bi Mwanaidi: Nimeelewa. Na watu wa kawaida je, au ni wa wafalme tu?

Mwandishi: Walicheza. Kwenye kasri la Sargoni wa Pili, mfalme wa Ashuru 721 hadi 705 KK, lililokuwa Khorsabadi kaskazini mwa Iraki, kulikuwa na yale masanamu makubwa ya ng'ombe mwenye mabawa na kichwa cha mtu, yalilinda lango. Chini ya moja kuna ubao huu umekwaruzwa kwenye jiwe, bila ufundi. Fikiria ni nani anakaa langoni siku nzima... mimi nasema walinzi. Ushahidi wa namna hii ndo unaovunja ile hoja ya "mchezo wa wafalme", maana mti wa mtu maskini umeoza na hakuna aliyeuwekea vito.

Dokta Ramli: Huu ni ushirikina mnauleta kwenye nyumba za watu. Umesema mwenyewe utabiri.

Mwandishi: Nimesema kibao cha 177 KK kina utabiri. Sarafu nne na vizibo vya soda havina. Soma tena hatua ya 7, sijaficha kitu.

Juma Fundi: Nimechonga kwa mninga, maua nimechoma kwa waya wa moto, safi sana. Ila ukiweka vanishi nyingi vizibo vinateleza, paka mara moja tu na msasa laini juu.

Mwandishi: Asante fundi. Weka picha.

Achieng K: Je huu ndio baba wa bao letu? Nimesoma mahali hivyo.

Mwandishi: Hapana dada, ni ukoo mwingine. Huu ni wa mbio, kete inakimbia njia na dadu ndo inaamua mwendo. Bao ni kugawa kete kwenye mashimo, hakuna dadu kabisa. Wa nafasi 20 ulisambaa kweli, ulifika Misri mpaka kaburi la Tutankhamuni, mbao zake nyingine seneti upande mmoja na nafasi 20 upande wa pili, ukafika Saiprasi. Na Wayahudi wa Kochini kule India walikuwa bado wanacheza mchezo wa aina hii karne ya 20.

Achieng K: Kumbe! Sasa nikitaka kujaribu ile mifupa badala ya sarafu, ya mbuzi inafaa?

Mwandishi: Inafaa, omba kwa muuza nyama kifundo cha mguu wa nyuma, chemsha, suuza, anika. Lakini jua kwamba mfupa hauna haki kama sarafu, una pande nne za kulalia, mbili pana zinakuja mara nyingi na mbili nyembamba ni nadra, kwahiyo namba kubwa ipe upande mwembamba. Kabla hamjaweka dau lolote urushe mara 100 uandike, maana kila mfupa una tabia yake na mwenye mfupa atakuwa anaijua kuliko wewe.

Kipanga wa Pwani: Tumecheza, ila kete zinagongana pembeni, tunatoana vipi huko?

Mwandishi: Haziwezi kugongana pembeni, kila mtu ana safu yake. Mmechora njia vibaya. Hatua ya 5.