Kodi imelipwa zaidi: jinsi ya kukokotoa marejesho ya kampuni yako, hatua kwa hatua

Mfano wangu ni kampuni ndogo ya usafi ya Mwanza, inayofunga hesabu Desemba 31. Mwanzoni mwa 2024 ilikadiria faida ya shilingi milioni 60. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo makadirio yakawa milioni 18, na ikalipa milioni 4.5 kila awamu: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Wakati huohuo wateja wake walikuwa wakiikata kodi ya zuio ya asilimia 5 katika kila malipo ya huduma. Mwaka ulipoisha, ilikuwa imelipa zaidi kuliko ilivyodaiwa. Swali ni kiasi gani, na kiasi gani kinaweza kuthibitishwa.

Hatua ya 1: Pata kodi halisi ya mwaka

Usianze na ulicholipa, anza na unachodaiwa. Vitabu vilionyesha faida ya milioni 38. Rudisha kwenye faida uchakavu wa kihasibu, milioni 12, kisha toa uchakavu unaokubaliwa na sheria ya kodi, ambao hapa ulikuwa milioni 9. Faini ya milioni 1 nayo inarudishwa, kwa sababu si gharama inayokubalika. Faida ya kikodi ni milioni 42, na kodi yake ni milioni 12.6.

Hapa angalia jambo moja kwa makini: awamu za kodi zisiwe zimeingizwa kwenye matumizi. Nimezikuta mara nyingi chini ya "gharama nyingine". Kodi ya mapato haipunguzi faida ya kikodi. Ukiikuta huko, irudishe kabla ya kuendelea.

Hatua ya 2: Hakiki kodi ya zuio, cheti kwa cheti

Tenga siku nzima kwa hatua hii, maana maombi mengi hukwama hapa.

Chukua ankara moja. Huduma ni milioni 10, VAT ni milioni 1.8, jumla milioni 11.8. Zuio linakatwa kwenye milioni 10, si kwenye jumla, kwa hiyo mteja anazuia 500,000 na benki inaingia milioni 11.3. Mhasibu anayeandika mauzo kwa kufuata kilichoingia benki atatoa VAT na kuandika 9.5. Mapato sahihi ni milioni 10 kamili, na ile 500,000 ni kodi yako iliyokwisha kulipwa. Huwezi kuidai kama kodi huku umeiacha nje ya mapato.

Kuna njia rahisi ya kujipima. Kampuni yetu ilikuwa na zuio la milioni 8 kwenye daftari. Gawa kwa 0.05 unapata milioni 160. Mauzo kwa wateja wanaozuia yasipofika hapo, kuna mapato yaliyopotea au cheti kilichoingia mara mbili. Yakizidi, huenda kuna ankara ambazo bado hazijalipwa, au mteja amekata bila kutoa cheti na zuio hilo halikuandikwa daftarini.

Kisha linganisha daftari na vyeti. Katika zile milioni 8, mteja mmojawapo alikata milioni 1.5 bila kutoa cheti. Barua ya malipo pekee haitoshi. Mfuatilie kwa maandishi, ukiambatanisha namba za ankara na tarehe za malipo, kabla ya kuwasilisha ritani.

Kodi ya zuio ya mwisho, kama ile ya gawio, usiiweke humu. Hiyo imeshamaliza kazi yake na haipunguzi kodi nyingine.

Hatua ya 3: Kokotoa

```
Awamu nne                 18,000,000
Zuio lenye vyeti           6,500,000
Jumla iliyolipwa          24,500,000
Kodi ya mwaka             12,600,000
Ziada                     11,900,000
```

Cheti kilichobaki kikipatikana, ziada inakuwa milioni 13.4. Mimi huwasilisha kilicho na ushahidi, na kilichobaki nakiandika pembeni hadi karatasi ifike. Ukidai usichoweza kuonyesha, unachelewesha hata kile kilicho wazi.

Hatua ya 4: Wasilisha na uombe

Ritani inatakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, yaani hadi Juni 30. Ambatanisha risiti za awamu, vyeti, na jedwali linalounganisha kila cheti na ankara yake. Ziada hulipia kwanza madeni mengine ya kodi, kwa hiyo safisha VAT na PAYE kabla ya kuomba.

Hatua ya 5: Ziba chanzo

Faida ilishuka, ni kweli. Lakini hata kama makadirio yangekuwa sahihi, milioni 8 zingezidi, kwa sababu awamu zililipwa kana kwamba hakuna zuio. Kanuni ya awamu ni hii:

```
(A - C) / B
```

A ni kodi uliyokadiria, C ni kile kilichokwisha kulipwa au kuzuiwa mwaka huo, B ni awamu zilizobaki pamoja na hii. Kama hadi Machi wateja walikuwa wamezuia milioni 2, awamu ya kwanza ilikuwa (18 - 2) / 4, yaani milioni 4, si 4.5. Rudia hesabu hiyo kabla ya kila awamu, ukiwa na vyeti vya robo hiyo mezani.