Fangasi na mkojo wa usiku: jinsi ya kuitafuta sukari iliyojificha

Mama mmoja wa miaka 46, mkulima wa zabibu huku Hombolo, alifika kwenye zahanati yetu akiomba dawa zilezile za fangasi ukeni. Katika miezi 6 alikuwa ametibiwa fangasi mara tatu na maambukizi ya njia ya mkojo mara mbili, wala hapakuwa na aliyempima sukari. Nasi tulikuwa miongoni mwa waliompa dawa.

Hatua ya kwanza ni kuuliza kiasi cha mkojo, kwa sababu idadi ya kuamka peke yake hupotosha. Maambukizi humwamsha mtu kwa mkojo kidogo unaochoma, ilhali sukari humwamsha kwa mkojo mwingi usio na maumivu, na kiu juu yake. Sukari ya damu ikipita takriban milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo huingia kwenye mkojo ikivuta maji. Fangasi nao hustawi palipo na sukari. Nilipomuuliza, "Mama, ukiamka usiku, mkojo ni mwingi au kidogo?" alijibu kwamba kopo hujaa, na kwamba akirudi kulala hunywa maji tena.

Hatua ya pili ni kupima sukari ya damu siku hiyohiyo. Kipimo cha mkojo kisichoonyesha sukari hakitoshi kumwondolea mtu shaka. Hapa ndipo nilipokosea: nilimchoma kidole akiwa ametoka shambani, mashine ikasoma 17.9. Maji ya zabibu yaliyoganda kwenye vidole huongeza kipimo, na kupangusa kwa spiriti hakuaminiki kuyaondoa. Alipoosha mikono kwa maji na sabuni na kuikausha, kidole kingine kilisoma 13.6.

Hatua ya tatu ni kuthibitisha. Kwa mwenye dalili, 11.1 au zaidi saa yoyote huashiria kisukari. Baada ya kufunga kula kwa saa 8 au zaidi, kiwango ni 7.0 au zaidi. Kwa kuwa mashine ya kidole hukosea kidogo, tulimtuma maabara achukuliwe damu ya mshipa asubuhi kabla ya kula, na jibu likawa 9.4. Mwenye dalili hizi akitapika, akipumua kwa kina au akichanganyikiwa, hangoji asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja.

Si kila anayeamka usiku ana sukari: tezi dume, miguu iliyovimba na vidonge vya kukojoza huamsha pia, na antibayotiki zenyewe huleta fangasi. Ndiyo maana huwa naziangalia dalili zote tatu kwa pamoja: fangasi wanaorudi, mkojo mwingi wa usiku na kiu.

Mama yule alianzishiwa metfomini na kufundishwa namna ya kula, huku fangasi wakitibiwa upya. Kuamka usiku ndiko kulikotangulia kupungua. Muwasho ulichukua wiki kadhaa zaidi.