Mgeni saiti? Mwonyeshe kwanza mstari usio na mafundi

Ukimweleza mgeni chati ya ratiba ya ujenzi, usianzie juu kushuka chini mstari kwa mstari. Atasahau. Mpeleke moja kwa moja kwenye slabu.

Tuseme zege la slabu linamwagwa tarehe 3, na mhandisi ameagiza mirunda ikae siku 21. Kwenye chati utaona mstari mrefu unaofika tarehe 24, na plasta ya vyumba vya chini inaanza tarehe 25. Mgeni akiona siku zote hizo hakuna fundi hata mmoja aliyeandikwa, atadhani ni muda wa kupumzika unaoweza kupunguzwa. Mwambie wazi: zege linafanya kazi. Linamwagiliwa maji siku za mwanzo na linazidi kupata nguvu. Kuongeza vibarua hakufupishi mstari huo, na kung'oa mirunda mapema kunaweza kupinda slabu au kuiangusha kabisa. Zege likichelewa siku 2, plasta nayo inasogea siku 2.

Sasa mwonyeshe fremu za madirisha. Zinachomelewa karakanani, mstari wake unaishia tarehe 12, lakini saiti zinahitajika tarehe 22. Zikichelewa wiki moja, hakuna kinachosogea.

Kisha mpe penseli, asogeze zege mbele siku 3 na akuchoree upya mistari yote inayoguswa. Akisogeza plasta na kuacha fremu mahali pake, ameelewa.