Somo: Minyoo fundo kwenye matuta ya mboga, na mazao ya kuzungusha ili kuwapunguza

Mnyanya unaonyauka saa saba mchana ilhali tuta lilimwagiliwa asubuhi, kisha ukachangamka tena jua likizama, hauna budi kuchunguzwa mizizi kabla ya kuongezewa maji au mbolea. Somo hili linahusu minyoo fundo, wa jenasi Meloidogyne, hasa katika udongo wa kichanga wa ukanda wa pwani, ambako spishi zinazosumbua zaidi ni Meloidogyne incognita na Meloidogyne javanica.

Hatua ya kwanza: kuusoma mzizi

Usiuvute mche, kwa sababu mizizi myembamba hukatika na kubaki ardhini pamoja na ushahidi wote. Chimba kuuzunguka kwa uma au jembe, uinue na udongo wake, kisha uzamishe kwenye ndoo ya maji mpaka udongo uachie wenyewe. Fundo la minyoo ni uvimbe wa mzizi wenyewe, na mzizi huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Kwenye maharage na kunde hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa mizizi hiyo ina vinundu vyake vya bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Vinundu hivyo vimening'inia ubavuni mwa mzizi, hubanduka kwa kidole, na kikiwa hai kinundu huwa na rangi ya waridi ndani. Fundo la minyoo halibanduki bila kuukata mzizi.

Ukipasua fundo lililokomaa kwa wembe na kulitazama kwa lenzi, utaona vitu vidogo vyeupe vinavyong'aa, vyenye umbo la peasi na ukubwa wa kichwa cha pini. Hao ndio majike. Juu ya ngozi ya mzizi, karibu na kila jike, huwa kuna tone la ute la rangi ya kahawia, na ndani yake mamia ya mayai.

Jinsi fundo linavyojengwa

Mnyoo anayetoka kwenye yai ana urefu wa takriban nusu milimita na hana akiba ya chakula isipokuwa ile aliyozaliwa nayo. Huogelea katika maji membamba yaliyo baina ya chembe za udongo, akaingia nyuma kidogo ya ncha ya mzizi, na kupenya katikati ya seli hadi kwenye mirija ya maji na chakula. Akifika huko huchagua seli chache na kuzidunga mate yake kwa sindano iliyo mdomoni. Mate hayo huvuruga utaratibu wa seli: kiini hugawanyika tena na tena bila seli yenyewe kugawanyika, na hivyo hutokea seli kubwa mno zenye viini vingi, ambazo kazi yake sasa ni kumlisha mnyoo. Seli za jirani nazo huongezeka na kuvimba, na uvimbe huo ndio fundo tunaloliona. Mnyoo hawezi tena kuondoka; hunenepa mahali pale pale mpaka atage. Mmea hunyauka mchana kwa sababu mirija imepindwa na kubanwa, hata kama maji yapo.

Katika udongo wa joto la nyuzi 25 hadi 28, safari hii kutoka kuingia mzizini mpaka kutaga huchukua wiki tatu hadi nne. Zao la nyanya la miezi minne kwa hiyo hulea vizazi kadhaa.

Hatua ya pili: kuondoa mizizi mara tu mavuno yanapokwisha

Miche iliyoachwa shambani baada ya mavuno huendelea kuwalisha majike. Ing'oe kwa kuchimba, uikaushe juani na kuichoma. Usiitie kwenye mboji isiyopata joto la kutosha. Ng'oa pia mnavu na mchicha pori, kwani tuta lililopumzishwa huku magugu hayo yamesimama halijapumzika.

Hatua ya tatu: kuchagua zao linalofuata

Ushauri wa kubadili familia ya mboga hautoshi hapa. Nyanya, bamia, tango, karoti na maharage ni za familia tofauti, na zote huwalea minyoo hawa. Swali linalofaa ni moja tu: je, mnyoo anaweza kuzaa ndani ya zao hili? Mahindi ndiyo yanayodanganya zaidi. Mizizi yake mara nyingi haionyeshi mafundo ya kuonekana, lakini aina nyingi huruhusu Meloidogyne incognita kuzaliana, na nyanya zinazofuata ndizo zinazolipa.

Chaguo langu la kwanza ni marejea, mmea wa jamii ya kunde. Minyoo huingia kwenye mizizi yake, lakini wengi hushindwa kukomaa na kutaga. Zao la pili ni karanga, ambazo kwa kawaida haziwalei spishi mbili tulizozitaja.

Chukua tuta la mita 10 kwa 1.2 ambalo nyanya zake zimeng'olewa mwezi Februari. Mvua za masika zinapoanza mwezi Machi, panda mistari mitano ya marejea, ukiipalilia mpaka ifunike udongo. Baada ya wiki kumi hivi, maua yanapoanza tu, ikate na kuifukia, kisha subiri wiki tatu ioze. Mwezi Juni panda karanga mistari minne, uzimwagilie, na uzivune Septemba. Nyanya zinarudi kwenye vuli, lakini tu baada ya hatua ifuatayo.

Hatua ya nne: kulipima tuta

Mwishoni mwa Agosti chota udongo sehemu kumi za tuta, kina cha sentimita 10 hadi 20, uuchanganye na kuujaza kwenye makopo matatu. Kopo la nne, la kulinganisha, lijaze udongo huo huo uliochemshwa na kupoa. Panda mche wa nyanya usio na ukinzani dhidi ya minyoo hawa katika kila kopo, na baada ya wiki tano osha mizizi. Ikiwa mafundo ni mengi, rudia marejea. Yakiwa machache, panda nyanya yenye ukinzani, ambayo pakiti yake huwa na herufi N au alama Mi na Mj. Ukinzani huo hulegea udongo unapopita nyuzi 28, kwa hiyo weka matandazo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimezungushia matuta yangu maua ya tagetesi. Mbona mafundo bado yapo?*

Kwa sababu mizizi ya tagetesi hufanya kazi pale ilipo tu. Sumu yake haisafiri kutoka ukingoni hadi katikati ya tuta. Ijaze tuta zima, kwa nafasi ya sentimita 20, kwa miezi miwili au mitatu, bila gugu hata moja katikati yake.

*Ndugu mwalimu, mimi naishi kwa kuuza mchicha. Siwezi kuacha tuta miezi mitatu bila kipato.*

Kuna njia mbili. Kule magharibi mwa Kenya majani ya marejea huliwa kama mboga na huitwa mitoo, kwa hiyo ukipata wateja unaweza kuchuma huku tuta likisafishwa. Njia ya pili ni mchicha wenyewe, ukiung'oa na mizizi yote kabla ya wiki tatu tangu uote. Minyoo waliokwisha kuingia hutoka nao bila kutaga. Lakini ukichelewa wiki moja, au ukiuvuna kwa kukata shina, umewafuga.

*Nipo milimani, Lushoto. Je, karanga zitanifaa?*

Kwanza tazama mafundo yako. Yakiwa madogo sana na yenye vijizizi vingi vinavyochipuka juu yake, huenda una Meloidogyne hapla, anayependa baridi. Huyo huzaa vizuri kwenye karanga, ila hawezi kuzaa kwenye mahindi wala nyasi nyingine. Kwako wewe, mahindi ndiyo yatangulie.